Kumrekodi babu aliyekuwa manamba: ridhaa, maswali na kusikiliza

*"Babu yangu mzaa baba ana miaka 87, yuko Kasulu. Ujanani alichukuliwa manamba akaenda kukata mkonge Tanga, akarudi baada ya uhuru. Nataka kumrekodi kwa simu nikienda likizo, lakini kila nikimuuliza anasema 'ilikuwa shida tu, mjukuu wangu', kisha ananyamaza. Nianzie wapi? Na je, anisainie karatasi?"*

Babu hakukunyima habari. Mtu akiulizwa "maisha ya Tanga yalikuwaje?" anatakiwa kujumlisha miaka mingi katika sentensi moja, na jumla yake ndiyo hiyo: ilikuwa shida. Mzee hutoa habari anapopewa mahali padogo pa kuanzia, kama asubuhi moja, njia moja au kazi moja ya mikono. "Babu, nieleze siku ulipoondoka hapa nyumbani" ni swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa maneno matatu. Yeye mwenyewe ataamua kama siku hiyo inaanza alfajiri au juma moja kabla, na uamuzi huo nao ni sehemu ya historia yake.

Siku ya kwanza usirekodi chochote. Nenda umsalimie, ukae, umwambie unachotaka kufanya na kwa nini. Katika mazungumzo hayo utajua mambo ambayo huwezi kuyajua kwa simu: anasikia vizuri kwa sikio lipi, saa ngapi huwa mchangamfu, kama anachoka upesi, na anapozama katika jambo anaongea Kiha au Kiswahili. Kama ni Kiha, aongee Kiha. Ukimlazimisha Kiswahili kwa sababu wewe ndicho unachokiweza zaidi, utapata Kiswahili cha kambini, kifupi na cha amri, na habari za mama yake na nyumbani kwao zitapungua. Mtafute ndugu anayekijua Kiha vizuri akusaidie baadaye kuandika na kufasiri. Siku ya kurekodi si lazima awepo.

Siku hiyo ya kwanza mwulize pia kama kuna kitu alichorudi nacho: kadi ya kipande, picha, sanduku, panga. Kitu kinachoshikika mkononi hufungua habari ambazo swali halizifikii, na mara nyingi mzee atakuambia "ngoja nikuoneshe" kabla hujaomba.

Kabla ya kwenda, soma kidogo kuhusu kazi yenyewe, ili ukisikia jambo ulitambue. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, lililoanza 1944, na Kasulu na Kibondo zilikuwa kati ya sehemu lilikowapata watu. Malipo yalihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, na siku ambayo hukufanya kazi haikuhesabiwa. Majani yaliyokatwa yalipelekwa korona, kiwandani kwenye mashine ya kuchuna singa. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, baada ya Azimio la Arusha. Ukiyajua haya hutamkatiza kila mara kuuliza "korona ni nini?" Lakini usiyaoneshe. Mzee akigundua kwamba unajua, atafupisha, na wewe unataka maelezo yake, ambayo huenda yakatofautiana na ya vitabuni.

Sasa ridhaa. Karatasi si kosa, ila kwa babu yako isiwe ya kwanza, na pengine isiwepo kabisa. Fikiria: kijana asiyejua kusoma aliwekewa karatasi mbele yake, akaweka dole gumba, akasafirishwa mbali na kwao. Leo mjukuu anamletea karatasi nyingine na wino. Hata kama hatasema neno, mazungumzo yatakuwa yameharibika kabla hayajaanza. Ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa mwanzoni inatosha kwa kazi ya kifamilia. Ukitaka baadaye kuipeleka chuo kikuu au kwenye maktaba ya nyaraka, watakuwa na fomu yao na masharti yao. Uliza mapema wanataka nini, ili usilazimike kumrudia mzee akiwa amechoka au hayupo tena.

Iwe ya mdomo au ya maandishi, ridhaa inakamilika pale tu anapoelewa mambo matano, na kila moja liseme kwa lugha ya nyumbani: kwamba sauti yake itabaki kwenye simu baada ya yeye kumaliza kusema, nani watasikiliza, itawekwa wapi, kwamba anaweza kukataa swali lolote au kusimamisha wakati wowote, na kwamba anaweza kukuambia baadaye "lile uliondoe", nawe utaliondoa. Lile la nani watasikiliza ndilo linaloteleza. Wazee wengi hukubali wakidhani anayesikiliza ni mjukuu tu. Taja watu kwa makundi: "Babu, watasikia watoto wako na wajukuu. Je, na watu tusiowajua, walioko mbali, wakisikia kwenye simu zao, ni sawa?" Haya ni maswali mawili yenye majibu mawili, na jibu la pili linaweza kuwa hapana huku la kwanza likiwa ndiyo.

Kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake: "Ukimweleza bibi ninachotaka kufanya, utamwambiaje?" Akisema "mjukuu anataka kunipiga picha", hajaelewa, rudia. Hii ndiyo njia ya kutofautisha ndiyo ya kuelewa na ndiyo ya adabu. Mzee anaweza kukuitikia kila kitu kwa sababu umetoka mbali na hataki kukuvunja moyo.

Ridhaa hii ni yake yeye. Baba yako au baba mkubwa anaweza kukuruhusu kuingia nyumbani, lakini hawezi kukubali kwa niaba ya mzee mwenye akili timamu. Na kama kumbukumbu yake imeanza kumpotea, kiasi kwamba jana alikubali na leo hakumbuki, omba ridhaa upya kila unapowasha simu, na mtu wa karibu naye awepo. Akionesha kuchoka au kukasirika, hiyo ni hapana hata kama hajaitamka.

Simu ya kawaida inatosha ukiipangia vizuri. Tafuta programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV. Ukichagua 44100 Hz, biti 16, kipaza sauti kimoja, saa moja itachukua karibu megabaiti 320, kwa hiyo hakikisha una nafasi ya gigabaiti mbili hivi. Weka simu katika hali ya ndege, kwa sababu simu ikiingia katikati huweza kusimamisha kurekodi bila wewe kujua. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, kipaza sauti kikimwelekea yeye, umbali wa sentimeta 30 hadi 50 kutoka mdomoni. Ukiiweka moja kwa moja juu ya meza, kila akigonga fimbo au kikombe utasikia kishindo. Uwanjani upepo ni adui mkubwa kuliko jogoo, na chumba cha bati mvua ikinyesha hakifai kabisa. Chumba chenye kitanda, nguo na pazia husikika vizuri kuliko sebule tupu. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze.

Fungua kwa kutaja tarehe, mahali, jina lake na lako, kisha mwulize tena kama amekubali, ili jibu liwe ndani ya faili hilohilo. Kwa umri wake kaa dakika 45, saa moja ikizidi. Vikao vinne vya namna hiyo kwa siku tofauti vinashinda kikao kimoja cha saa tatu, kwa sababu usiku atakumbuka mengine na kesho ataanza kwa "jana nilisahau kukwambia".

Katika maswali, epuka mambo matatu hasa. La kwanza ni swali la ndiyo au hapana: "Je, wanyapara walikuwa wakali?" Ataitikia ndiyo, nawe utakuwa umerekodi wazo lako mwenyewe kwa sauti yake. Sema "Nieleze kuhusu nyapara wenu", halafu nyamaza. La pili ni "kwa nini". Kwa mzee, "kwa nini uliondoka ukamwacha mama yako?" ni lawama, naye ataanza kujitetea. "Ilikuwaje mpaka ukaondoka?" inauliza jambo lilelile na inamwacha asimulie. La tatu ni kuuliza mawili kwa pamoja. Ukisema "mlikula nini na mlilala wapi?" atajibu la mwisho, na la kwanza litapotea.

Andika mada saba au nane tu kwenye kipande cha karatasi: kuondoka, safari, kufika kambini, siku ya kazi, malipo, ugonjwa, Jumapili, kurudi. Usiandike maswali arobaini. Ukiwa na orodha ndefu jicho lako litakuwa kwenye swali linalofuata wakati yeye bado anasema. Maswali mazuri ya pili hutokana na alichosema sasa hivi: "Umesema mlihesabiwa. Mlihesabiwaje?" Kwa kazi ya mikono, mwombe akufundishe: "Nichukulie mimi ni kibarua mgeni, leo ni siku yangu ya kwanza shambani. Nianze na nini?" Hapo utapata jani linakatwa wapi, miiba inachoma wapi, mzigo unafungwaje, mgawo wa siku ulikuwa mizigo mingapi na asiyeumaliza alifanywa nini. Mambo haya hayatoki kwa swali la "kazi ilikuwa ngumu?"

Miaka usimwulize moja kwa moja, maana atakupa namba ili kukuridhisha. Mwulize jambo lilitokea kabla au baada ya lingine analolikumbuka kwa mwili: kabla au baada ya kuoa, mtoto wa kwanza au wa pili, kabla ya bendera ya uhuru ya Desemba 1961, kabla ya watu kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Pesa nazo husaidia. Mwulize sarafu alizolipwa mara ya mwisho zilikuwa na picha ya nani. Zenye kichwa cha Nyerere zilianza 1966, kwa hiyo akiwa na uhakika nazo umepata mpaka wa wakati bila kumtesa na tarehe.

Chukua mfano utakaokutana nao karibu kwa hakika. Tuseme anakuambia aliondoka kabla ya uhuru, na safari ilikuwa hivi:

"Tukapanda treni Kigoma, tukalala njiani, tukashuka Korogwe."

Tatizo ni kwamba kabla ya 1963 huwezi kufika Korogwe kwa treni kutoka Kigoma. Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa mbalimbali, na zikaunganishwa mwaka huo kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Aliyeondoka kabla ya hapo alilazimika kushuka mahali na kumalizia kwa gari. Hapa wahojaji wengi hufanya moja kati ya makosa mawili. Mmoja humsahihisha: "Hapana babu, reli haikuwepo." Mzee hunyamaza, na tangu hapo kila jibu linatoka kwa woga wa kukosea. Mwingine humsaidia: "Si mlishuka Morogoro mkapanda lori?" Mzee anasema ndiyo, na sasa hakuna atakayejua kama lori ni lake au ni lako.

Fanya hivi. Mwache amalize mpaka afike kambini. Kisha rudi nyuma polepole: "Babu, nirudishe kwenye treni. Kuanzia mlipopanda mpaka mkafika, mlishuka mahali popote?" Huenda akasema, "Ee, tulishuka, tukalala kwenye kambi, kesho yake tukapakiwa lori." Basi, liko hapo. Huenda akasisitiza kwamba ni treni tu. Basi mwulize kuhusu safari nyingine: "Na uliporudi nyumbani, ulirudije?" Uwezekano mkubwa ni kwamba treni ya moja kwa moja ni ya kurudi, alipokuwa na pesa mfukoni na reli imekwisha unganishwa, na safari mbili zimeungana kichwani. Au kuondoka kwenyewe kulikuwa baada ya reli kuunganishwa 1963, na alama ya uhuru ndiyo iliyosogea. Usiamue papo hapo. Kwenye daftari andika dakika aliyosema, andika mwaka wa reli, weka alama ya kuuliza. Kwenye maandishi ya mazungumzo acha maneno yake yalivyo, na maoni yako yakae pembeni kama maelezo ya mwandishi.

Kusikiliza kwenyewe kuna ufundi. Kwetu msimuliaji huitikiwa: "enhe", "ee", "ikawaje?" Ukikaa kimya kabisa kama unavyoshauriwa katika miongozo ya redio, mzee atadhani huelewi, au umelala, na ataacha. Ukiitikia kwa sauti kila baada ya neno, sauti yako itafunika yake kwenye rekodi. Itikia kwa kichwa na macho wakati anasema, na "enhe" moja ya chini pale anapovuta pumzi. Kama haoni vizuri, hiyo "enhe" ni lazima.

Akinyamaza, usikimbilie swali. Hesabu moyoni hadi kumi, polepole, na utaona ni muda mrefu kuliko ulivyodhani. Ukimya wa kutafuta unaonekana: macho yanaangalia mbali, midomo au vidole vinahesabu. Huo usiuguse, kinachofuata mara nyingi ni jina la mtu au la mahali. Ukimya wa uchovu ni mwingine, majibu yamekuwa mafupi tangu dakika kadhaa, anajinyoosha, anauliza saa au chai. Hapo maliza kikao. Wa uchungu ndio mgumu. Sauti inakatika, anaangalia chini, pengine machozi. Usizime simu kwa haraka, maana kuizima kunamwambia kwamba amefanya jambo la aibu. Usimbembeleze kwa maneno mengi pia. Subiri, kisha mwulize kwa utulivu: "Babu, tupumzike au unataka kuendelea?" Fuata atakachosema. Kama ni kupumzika, usilirudie jambo hilo kikao kijacho mpaka yeye mwenyewe alitaje.

Kuna na mambo anayosema kwa mikono. "Mzigo ulikuwa hivi", na mkono unapanda. Kwenye sauti hakuna kitu. Sema wewe: "Kama urefu wa kiuno changu, siyo babu?" Vivyo hivyo kwa "walikuja wakatuchukua". Usipouliza "hao waliokuja walikuwa akina nani?", baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua kama ni wakala wa SILABU, watu wa mtemi au vijana wa kijiji jirani.

Watu waliomo chumbani wataharibu rekodi kuliko jogoo na upepo kwa pamoja. Mtoto wa mzee atamjibia ("baba anamaanisha 1955"), na mzee, badala ya kubishana na mwanawe, atakubali. Zungumza na ndugu mapema: kikao cha familia nzima kitakuwepo, ila hiki ni cha babu na mjukuu. Bibi akitaka kukaa, akae. Wazee wawili hukumbushana vizuri, lakini kumbuka kuna habari za Tanga ambazo mzee hatazisema mbele ya mkewe.

Na hizo ndizo zitakazokupa kazi. Vijana walikaa kambini miaka. Wapo waliooa huko, waliozaa huko, waliogombana na kuumizana. Huenda ukasikia jina la mtoto ambaye ukoo haumjui. Huenda pia, akitoka kwenye mkonge na kuingia kwenye kuhamishwa vijijini, akaanza kutaja mipaka ya shamba na nani alilichukua. Rekodi ya namna hiyo inaweza kupelekwa kwenye baraza la ardhi na ndugu ambaye hukumkusudia. Ukisikia jambo la aina hii, usilikatize. Mwache amalize, kisha mwulize simu ikiwa bado inarekodi: "Hili babu nilihifadhi, au ni letu wawili?"

Maliza kila kikao kwa "kuna jambo sikukuuliza ambalo ulitaka kusema?" na usizime simu upesi. Baada ya kuizima, akiongeza jambo zuri wakati wa chai, mwambie ungependa kuliandika au kulirekodi kesho. Usiiwashe kwa siri.

Usiku huohuo nakili faili kwenye kompyuta au kadi nyingine, na nakala ya pili iende mahali pengine nje ya nyumba hiyo. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama ujumbe wa sauti, na nakala ya kazi ibaki ile ya WAV. Lipe jina linaloeleweka, kwa mfano `babu_kasulu_02_safari.wav`. Andika ukurasa mmoja wenye dakika na mada: 04:10 kuaga mama, 11:30 treni, 19:00 kambini. Kuandika neno kwa neno kwa saa moja ya sauti kutakuchukua saa tano hadi nane, na kwa Kiha chenye tafsiri ni zaidi, kwa hiyo ukurasa huo wa dakika ndio utakaotumika kwa muda mrefu. Pasiposikika andika [haisikiki]. Usibuni, na usimsafishie lugha yake.

Kabla hujarudi kutoka likizo, keti naye umsikilizishe sehemu ulizotaka kuwapa wengine. Hapo ndipo unapomwomba ridhaa mara ya pili, kwa sababu sasa anajua hasa amesema nini. Mara nyingi wazee huondoa jina la mtu mmoja tu, na kuongeza habari ya dakika kumi kuhusu jingine, kwa hiyo nenda na simu yenye chaji.